KWA NINI ANDAZI LILIKONDA?
Shilingi Ikishuka, Nyumbani Hupanda Nini?

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Nami niliuliza swali dogo, nikapata jibu refu, na jibu lenyewe ndilo lililonifanya nishike kalamu kukuandikia kurasa hizi.

Ilikuwa muhula wa kwanza wa mwaka 2024, nami nikiwa kidato cha tatu. Kengele ya saa nne ilipolia tulitimua mbio hadi kantini kama kawaida yetu. Nilitoa sarafu yangu ya shilingi kumi, nikapewa andazi. Kulitazama, nikaona limekonda! Si kwamba lilikuwa bovu, la hasha. Ladha ilikuwa ileile na harufu ileile, ila lilikuwa kama ndugu mdogo wa lile la mwaka uliotangulia.

"Mama, mbona maandazi siku hizi yamepatwa na kwashakoo?" nikamtania mama wa kantini.

Alicheka, kisha akapangusa mikono kwenye leso yake. "Mwanangu, usinilaumu mimi. Ilaumu dola."

Wenzangu waliangua kicheko. Dola na andazi wapi na wapi? Andazi limekandiwa papa hapa, likakaangwa papa hapa, na mlaji hajawahi kuiona dola hata kwa ndoto. Lakini mama yule alikuwa amesema kweli tupu. Nilimfuata mwalimu wetu wa biashara, nikamfuata tena mama wa kantini, na mwisho nikafungua daftari la matumizi la mama yangu mzazi. Haya ndiyo niliyoyapata.

SHILINGI ILISHUKA KIASI GANI?

Tuanze na shilingi yenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2022, dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa shilingi 113 hivi. Mwisho wa mwaka huo ilikuwa imefika kama 123. Mwaka 2023 mambo yalizidi unga, na kufikia Januari 2024 dola ilikuwa imevuka shilingi 160.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi, hata sisi tunaojiita mabingwa wa hesabu. Ukiuliza, "Shilingi ilishuka kwa asilimia ngapi?" utajibiwa asilimia 29. Ukiuliza, "Dola ilipanda kwa asilimia ngapi?" utajibiwa asilimia 42. Je, nani mwongo? Hakuna. Shilingi 160 iliyonunua dola nzima Januari 2024 ingalinunua dola moja na senti 42 mwanzoni mwa 2022. Kwa anayeshika dola, shilingi yetu imepungua kwa asilimia 29. Kwa sisi tunaoshika shilingi na kuitafuta dola, bei ya dola imeongezeka kwa asilimia 42. Mwenye kununua vitu vya nje anapaswa kuitazama hiyo 42, maana ndiyo inayomuuma mfukoni.

Na kwa nini ilishuka? Dola ni bidhaa sokoni kama vile nyanya. Wanaoitafuta wakiwa wengi na walio nayo wakiwa wachache, bei hupanda. Kenya hununua vitu vingi kutoka nje kuliko inavyouza, kwa hivyo kila siku kuna foleni ya watu wanaoitaka dola. Kuanzia Machi 2022, Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba, na wenye fedha zao wakaona heri waziweke kule. Juu ya hayo, serikali yetu ilikuwa na mkopo wa Yurobondi wa dola bilioni 2 uliopaswa kulipwa Juni 2024. Watu wakawa na hofu, je, dola hizo zitatoka wapi? Na mwenye hofu hafungui mkono. Waliokuwa na dola wakazikalia, nao waliozihitaji wakazidi kuzisaka.

SAFARI YA NGANO HADI KANTINI

Sasa turudi kwa andazi letu. Andazi ni unga wa ngano, mafuta ya kupikia, sukari, hamira na moto. Ngano hulimwa hapa nchini, kwa mfano Narok na Uasin Gishu, lakini hiyo ni sehemu ndogo tu ya ngano tunayokula. Nyingi huja kwa meli hadi bandari ya Mombasa, nayo hulipiwa kwa dola.

Tufanye hesabu pamoja, msomaji. Chukua kalamu. Nitatumia bei ya mfano ili tuone vizuri kazi inayofanywa na shilingi peke yake. Tuseme tani moja ya ngano inafika Mombasa kwa dola 330, na bei hiyo haibadiliki hata kidogo.

Dola ikiwa shilingi 113, tani hiyo ni shilingi 37,290, yaani shilingi 37 na senti 29 kwa kilo. Dola ikiwa shilingi 160, tani ileile ni shilingi 52,800, yaani shilingi 52 na senti 80 kwa kilo. Mkulima wa huko ng'ambo hakuongeza hata senti moja. Mwenye meli hakuongeza. Lakini ngano imepanda.

Bado kuna ushuru wa forodha. Tuseme ni asilimia 10. Ushuru wa asilimia hupigwa juu ya thamani ya mzigo kwa shilingi. Kwa hivyo pale mwanzo ulikuwa shilingi 3 na senti 73 kwa kilo, na baadaye ukawa shilingi 5 na senti 28. Tazama ajabu hii! Bunge halikupitisha sheria mpya, Waziri wa Fedha hakusoma lolote jipya, na bado ushuru umeongezeka. Shilingi ikishuka, ushuru wa asilimia hupanda wenyewe kimyakimya.

Tukijumlisha, kilo moja ya ngano iliyolipiwa ushuru imetoka shilingi 41 na senti 2 hadi shilingi 58 na senti 8. Sasa ngano haigeuki yote kuwa unga mweupe. Sehemu yake hutoka kama pumba, ile wanayolishwa ng'ombe na kuku. Ili kupata pakiti ya unga ya kilo 2, msagaji huhitaji ngano kama kilo 2 na gramu 600. Kwa hivyo ngano iliyomo ndani ya pakiti moja imetoka shilingi 107 hadi shilingi 151. Tofauti ni shilingi 44.

Lakini pakiti ya unga si ngano peke yake. Kuna mshahara wa wafanyakazi wa kinu, stima ya kusagia, karatasi ya pakiti, lori la kusafirishia na faida ya mwenye duka. Tuseme hayo yote ni shilingi 60, na kwa sasa tuyaache yalivyo. Pakiti imetoka shilingi 167 hadi shilingi 211. Hilo ni ongezeko la asilimia 26.

Hapo ndipo fundisho kubwa lilipo. Dola ilipanda kwa asilimia 42, lakini unga ukapanda kwa asilimia 26. Hii ni kwa sababu sehemu moja tu ya bei ya unga ndiyo iliyo ndani ya dola. Kitu kikiwa karibu chote kimetoka nje, kama vile simu au gari kuukuu kutoka Japani, bei yake humfuata dola unyounyo. Kitu kikiwa nusu cha hapa na nusu cha kule, hupanda nusu. Na kitu kama kinyozi wetu wa kituoni, ambaye hutuuzia mikono yake na muda wake, hukawia sana kupanda.

SARAFU YA KUMI HAIKATIKI

Mama wa kantini alinieleza hesabu yake mwenyewe bila hata kutumia kalamu. Pakiti moja ya unga humpa maandazi 60. Akiyauza shilingi kumi kumi, anapata shilingi 600. Unga ulipopanda kwa shilingi 44, mafuta aliyotumia yakapanda kwa shilingi 20 na makaa kwa shilingi 6. Jumla ni shilingi 70.

"Sasa nifanyeje?" akaniuliza. "Nikiuza andazi shilingi kumi na moja, ile moja mtaitoa wapi, na mimi chenji nitaitoa wapi? Nikiruka hadi kumi na tano, nusu yenu mtakimbia."

Basi akabuni njia. Donge lilelile la unga alilolikata vipande 60, sasa akalikata vipande 67. Maandazi saba ya ziada humpa zile shilingi 70 zilizopotea. Kila andazi likapungua kwa sehemu moja katika kumi, nasi tukaona limekonda. Hakupata faida hata ya shilingi moja zaidi. Alikuwa anakimbia ili abaki palepale aliposimama.

Na si kantini peke yake. Chunguza madukani. Sabuni ya kipande hupunguzwa uzito na biskuti hupunguzwa idadi, huku bei iliyoandikwa ikibaki ileile. Bei inaweza kupanda bila kupanda. Ukitaka kuijua kweli, usisome bei peke yake, soma na gramu zilizoandikwa pembeni kwa herufi ndogo.

HATA SUKUMA WIKI HUJUA DOLA

Rafiki yangu mmoja alinibishia akasema, "Sisi kwetu tunakula sukuma na ugali. Dola haituhusu ndewe wala sikio." Nikamwambia, "Bwana, hiyo sukuma ilitembea kwa miguu hadi sokoni?"

Kenya haichimbi mafuta ya petroli ya kuuza kwenye vituo vyake. Petroli, dizeli na mafuta taa yote hununuliwa nje kwa dola. Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, yaani EPRA, hutangaza bei ya juu kabisa itakayotozwa. Tuchukue tena mfano rahisi. Lita moja ya petroli ikifika Mombasa kwa senti 75 za dola, ni shilingi 84 na senti 75 dola ikiwa 113, na ni shilingi 120 dola ikiwa 160. Tofauti ni shilingi 35 na senti 25. Ukiongeza ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16 juu ya tofauti hiyo, unapata karibu shilingi 41 kwa kila lita. Ada nyingine, kama ile ya kutengeneza barabara, huwekwa kwa shilingi kamili kwa lita, kwa hivyo hizo hazitikisiki dola inapopanda.

Katikati ya Oktoba 2023, lita ya petroli ya super jijini Nairobi ilifika shilingi 217 na senti 36. Lakini tusiwe wapotoshaji. Si yote yaliyoletwa na shilingi. Julai 2023 ushuru wa ziada ya thamani kwenye mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, nayo bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda miezi hiyo. Shilingi ilikuwa mshtakiwa mmoja kati ya watatu.

Dizeli ikipanda, lori la kabichi kutoka Kinangop hupanda, matatu hupanda na trekta hupanda. Mbolea nayo huja kwa meli na hulipiwa kwa dola. Ndivyo dola inavyoingia kwenye sufuria ya sukuma wiki, ingawa imeingia kwa mlango wa nyuma.

DAFTARI LA MAMA

Sasa nikufungulie daftari la mama yangu, kwa ruhusa yake. Baba ni karani na mama anauza mboga sokoni. Mwanzoni mwa mwaka 2022, fedha zilizoingia nyumbani kwa mwezi zilikuwa shilingi 32,000. Mama aliziandika hivi:

Kodi ya nyumba: 6,000
Chakula: 11,000
Nauli: 3,500
Gesi, mafuta taa na stima: 2,500
Sabuni, dawa na madogomadogo: 2,000
Kutenga karo: 4,000
Chama cha akina mama: 3,000

Hesabu imekaa sawasawa. Miaka miwili baadaye, Januari 2024, mshahara wa baba ulikuwa uleule. Mama aliongeza bei ya mboga kidogo, lakini wateja nao wakapunguza mafungu, kwa hivyo akabaki alipokuwa. Fedha zilizoingia zilikuwa bado shilingi 32,000. Matumizi je? Kodi haikubadilika, kwa sababu mwenye nyumba wetu ni mtu wa huruma. Chakula kikawa 13,600. Nauli ikawa 4,500. Gesi na wenzake wakawa 3,200. Sabuni na madogomadogo 2,400. Nyongeza zote ni shilingi 4,700.

Nisieleweke vibaya. Nyongeza hiyo si ya shilingi kushuka peke yake. Kulikuwa na ukame wa mwaka 2022 na ule ushuru wa mafuta. Lakini angalia mahali ilipouma zaidi. Ni kwenye mkate, mafuta ya kupikia, nauli na gesi, yaani vitu vilivyo na dola ndani yake.

Mama alianza kukata. Mkate wa asubuhi ukaondoka, tukarudi kwa viazi vitamu na nduma. Chapati za Jumapili zikawa za Krismasi. Haya yalisaidia kuzuia chakula kisipande zaidi, maana hiyo 13,600 ni baada ya kukata. Kisha akaacha chama, akaokoa shilingi 3,000. Bado zilihitajika shilingi 1,700 kila mwezi, nazo zikatoka kwenye karo. Muhula una miezi mitatu ya kutenga. Mara tatu 1,700 ni shilingi 5,100.

Ndiyo maana, msomaji mpendwa, muhula uliofuata jina langu lilisomwa kwenye gwaride pamoja na ya wengine, nikaambiwa nirudi nyumbani nikalete karo. Salio langu lilikuwa shilingi 5,100 kamili. Wakati ule niliona haya, nikafikiri wazazi wangu wamezembea. Leo nimeipiga hesabu na ninajua kwamba hatukula zaidi wala hatukununua anasa yoyote. Tulikula kidogo kuliko zamani, tukalipa zaidi, na pengo likaangukia kwenye karo.

Jambo hili huwaumiza zaidi wenye kipato kidogo. Tajiri hutumia sehemu ndogo ya fedha zake kwa chakula na nauli. Bei ikipanda, atapunguza safari zake za matembezi. Maskini sehemu kubwa ya fedha zake ni chakula, nauli na moto wa kupikia. Hana cha anasa cha kukata, kwa hivyo hukata akiba, kisha karo, kisha dawa.

JE, HAKUNA ANAYEFAIDI?

Wapo. Majani chai yetu huuzwa kwenye mnada wa Mombasa kwa dola. Shilingi ikishuka, kilo ileile ya majani chai huleta shilingi nyingi zaidi. Mwenye ndugu aliye ng'ambo naye hutabasamu. Dola 200 alizotumiwa mwanzoni mwa 2022 zilikuwa shilingi 22,600. Januari 2024 dola hizohizo zilikuwa shilingi 32,000. Lakini hata hao furaha yao ina kipimo, maana mbolea ya mkulima wa chai hununuliwa kwa dola, naye aliyetumiwa fedha hununua unga na gesi kwenye duka lilelile tunalonunua sisi.

SHILINGI ILIPOPONA, MBONA ANDAZI HALIKUNENEPA?

Februari 2024 mambo yaligeuka ghafla. Serikali ilichukua Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 ili kulipa sehemu kubwa ya ile ya zamani, na ile hofu ikapungua. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imepandisha riba yake hadi asilimia 13, na wawekezaji wa nje wakaleta dola zao kununua hati za serikali za kujengea miundombinu. Waliokuwa wamezikalia dola wakaharakisha kuziuza kabla hazijashuka zaidi. Kufikia Aprili dola ilikuwa kama shilingi 130, na mwaka 2025 ilikaa karibu na 129.

Nikamwendea mama wa kantini nikiwa mbio. "Mama, dola imeshuka! Turudishie andazi letu!"

Akanijibu kwa utulivu, "Unga ninaoukanda leo ulinunuliwa na dola ya jana."

Ni kweli. Ngano iliyo ndani ya ghala ililipiwa wakati dola ilikuwa 160. Kabla ya kuwa andazi husafiri baharini wiki kadhaa, hushushwa, husagwa, hupakiwa na kukaa dukani. Msagaji hatakubali kuuza kwa hasara, kwa hivyo hungoja amalize mzigo wa ghali. Pili, hata huo mzigo mpya si rahisi kama ule wa zamani. Rudi kwenye hesabu yetu. Dola ikiwa 130, pakiti yetu ya mfano itakuwa shilingi 183. Hiyo ni chini ya 211, lakini bado ni juu ya 167. Tatu, zile shilingi 60 tulizoziacha zilivyo hazikukaa zilivyo. Dereva wa lori alishapandishiwa nauli na kodi, akadai mshahara zaidi. Mshahara ukishapanda haushuki.

Wenye umri wa walimu wetu waliyaona haya zamani. Mwaka 1993 dola ilitoka karibu shilingi 36 hadi zaidi ya 60, kisha mwaka 1994 ikarudi chini ya 50. Mwalimu wetu mmoja anasema shilingi ilirudi, lakini bei ya mkate haikurudi nayo nyumbani.

UTAJUAJE KAMA NI SHILINGI?

Kabla sijaweka kalamu chini, nikupe kipimo nilichofundishwa. Bei ikipanda, usikimbilie kuilaumu dola. Jiulize maswali matatu.

Kwanza, ni vitu gani vilivyopanda? Ikiwa mafuta ya kupikia, ngano, simu na petroli vimepanda pamoja, shuku shilingi. Ikiwa ni mahindi na maziwa tu, mtazame mvua na ukame.

Pili, majirani zetu wa Uganda na Tanzania wanalia pia? Wakilia wote kwa kitu kilekile, basi huenda bei imepanda duniani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ngano ilipopanda kila pembe. Lakini mwaka 2023 bei ya ngano na ya mafuta ya mawese duniani zilishuka, na sisi hatukuionja sawasawa nafuu hiyo, kwa sababu ilipofika Mombasa shilingi dhaifu ilikwisha imeza sehemu yake. Hasara ya namna hii ni ngumu kuiona, maana hakuna anayelilia bei ambayo haikushuka.

Tatu, je, ushuru umebadilishwa? Soma magazeti ya mwezi Juni na Julai, wakati wa bajeti ya serikali.

Ukijibu haya matatu utamjua mkosaji, au wakosaji, maana mara nyingi huja kwa makundi.

Nami sasa nikienda kantini, sirushi tena maneno ya kashfa. Mwezi uliopita nilimpelekea mama yule hesabu hii yote nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Umeandika vizuri, mwanangu. Ila umesahau sukari." Kisha akanipa andazi moja bila malipo. Lilikuwa dogo, lakini nililila polepole, nikiyajua yote yaliyomo ndani yake.